Samaki au mitamba? Kupima miradi ya chama kwa kiwango cha ndani kilichorekebishwa

Chukua chama cha Kisumu chenye shilingi milioni moja na mapendekezo mawili mezani. La kwanza ni vizimba vya tilapia ziwani, upande wa Dunga. La pili ni kununua ndama majike na kuwalea Njoro, kwenye shamba la familia ya mwanachama mmoja, hadi wawe ng'ombe wa maziwa. Miradi yote miwili ni ya miaka minne. Mweka hazina ameingiza makadirio kwenye kompyuta, akaandika fomula ya IRR, yaani kiwango cha ndani cha faida ya mradi, na jibu limetoka: samaki asilimia 23.8, mitamba asilimia 19.4. Wengi wangepiga kura hapo hapo na kuelekea ziwani.

Mimi nisingepiga kura bado. Nambari hizo mbili ni sahihi kihesabu, lakini hazijibu swali ambalo chama kinauliza. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupata kiwango kingine, kile kilichorekebishwa, ambacho kwenye kompyuta huitwa MIRR. Kiwango hicho hukulazimisha utamke wazi jambo moja ambalo IRR hulipita kimya: fedha zinazotoka kwenye mradi kabla haujaisha zitakaa wapi, na zitazaa kiasi gani.

Haya ndiyo makadirio, kwa shilingi, baada ya kutoa gharama zote za uendeshaji.

```
Mwaka     Samaki      Mitamba
0       -1000000     -1000000
1         600000            0
2         450000       200000
3         300000       500000
4         150000      1150000
```

Samaki huanza kulipa mapema, kisha malipo hupungua kwa sababu nyavu huchakaa, fremu huhitaji kurekebishwa na chama hakitaki kuongeza mtaji. Mitamba hailipi chochote mwaka wa kwanza, kwani hapo ni kulisha tu. Mwaka wa pili maziwa yanaanza, wa tatu yanashika kasi, na mwisho wa mwaka wa nne maziwa ya mwaka huo yanaleta 500,000 na ng'ombe wakiuzwa wanaleta 650,000.

IRR inasema nini hasa

IRR ni kile kiwango cha riba ambacho ukikitumia kurudisha mapato yote kwenye thamani ya leo, jumla yake inalingana na fedha ulizotoa. Kwa samaki ni asilimia 23.8. Maana yake halali ni hii: kila shilingi, kwa muda ambao bado imo ndani ya vizimba, inazaa asilimia 23.8 kwa mwaka. Shilingi iliyokwisha kurudi mfukoni haimo tena kwenye hesabu hiyo.

Sasa angalia mwanachama anavyoisikia. Anasikia kwamba milioni yake itakua kwa asilimia 23.8 kila mwaka kwa miaka minne. Milioni moja ikikua hivyo inafika takriban 2,349,000. Je, samaki watakipa chama kiasi hicho? Watakipa ikiwa tu ile laki sita ya mwaka wa kwanza, ikitoka ziwani, itapata mahali pengine pa kuzaa asilimia 23.8 kwa miaka mitatu iliyobaki, na laki nne na nusu ya mwaka wa pili ipate vivyo hivyo. Vizimba vyenyewe haviwezi kuipokea tena, maana chama kimekubaliana kutoongeza mtaji. Fedha hizo zitakwenda kwingine.

Hapo ndipo swali la mkutano linapopaswa kuwa. Mama mmoja akiuliza, "Mweka hazina, hiyo laki sita ikitoka ziwani itakaa wapi?" ameuliza jambo zito kuliko mjadala wote wa bei ya samaki.

Hatua ya kwanza: taja kiwango cha kuwekeza tena

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, na ndipo watu hubahatisha. Usichague nambari inayopendeza. Chagua mahali ambapo fedha za chama zitakwenda kwa kweli, kisha uchukue kile kinachobaki baada ya kodi na ada.

Tuseme chama hiki huweka akiba kwenye mfuko wa soko la fedha unaotangaza asilimia 10.6 kwa mwaka baada ya ada ya msimamizi. Riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa mkazi wa Kenya. Kinachobaki ni 10.6 mara 0.85, yaani asilimia 9.01. Tutatumia 9. Kama chama hununua hati fupi za serikali za siku 91, 182 au 364, fanya hesabu hiyo hiyo, kwani nazo hukatwa asilimia 15.

Kuna hali moja inayobadilisha jibu. Ikiwa chama kina mkopo unaoruhusu kulipwa mapema bila adhabu, basi kila shilingi inayotoka kwenye mradi inaweza kupunguza mkopo huo, na kiwango cha kuwekeza tena ni riba unayoikwepa. Mkopo wa SACCO wa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua ni sawa na takriban asilimia 12.7 kwa mwaka. Kwa chama hicho, 12.7 ndiyo nambari ya haki, hata kama mfuko unatoa 9.

Andika nambari mliyoichagua kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu yake. Baadaye mtu akiuliza kiwango kilitoka wapi, jibu liwepo.

Hatua ya pili: peleka mapato yote mwisho wa mradi

Chukua kila pato, ulikuze kwa asilimia 9 hadi mwisho wa mwaka wa nne. Laki sita ya mwaka wa kwanza ina miaka mitatu ya kukaa kwenye mfuko, kwa hiyo unazidisha kwa 1.09 mara tatu. Ya mwaka wa pili ina miwili, ya tatu mmoja, na ya nne haina muda wa kukua hata kidogo.

Kwa samaki:

```
600000 x 1.09^3 =  777017
450000 x 1.09^2 =  534645
300000 x 1.09   =  327000
150000          =  150000
Jumla           = 1788662
```

Kwa mitamba, laki mbili inafika 237,620, laki tano inafika 545,000, na 1,150,000 inabaki ilivyo. Jumla ni 1,932,620.

Simama hapa kidogo kabla ya kwenda mbele, kwa sababu jibu limeshaonekana kwa shilingi. Mwisho wa mwaka wa nne, chama kilichochagua mitamba kina karibu shilingi 144,000 zaidi ya kile kilichochagua samaki. Mtaji ulikuwa ule ule, na muda ni ule ule. IRR ilikuwa imeelekeza upande wa pili.

Hatua ya tatu: geuza iwe asilimia

Gawa jumla ya mwisho kwa mtaji, kisha utafute kipeuo chake kinacholingana na idadi ya miaka na utoe moja. Kwa miaka minne, simu yoyote inatosha: bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili. Samaki ni 1,788,662 gawa kwa 1,000,000, yaani 1.788662. Kipeuo cha pili chake ni 1.3374, na kipeuo cha pili cha hicho ni 1.1565. Kiwango kilichorekebishwa ni asilimia 15.6. Mitamba kwa njia hiyo hiyo inatoa asilimia 17.9.

Kwenye Excel au Google Sheets, ukiwa umeweka samaki kwenye safu ya A na mitamba kwenye safu ya B, mwaka sifuri ukiwa mstari wa kwanza, andika:

```
=IRR(A1:A5)
=MIRR(A1:A5, 0.13, 0.09)
=MIRR(B1:B5, 0.13, 0.09)
```

Nambari ya katikati, hapa 0.13, ni gharama ya fedha unazotoa. Kwa miradi hii miwili unaweza kuweka chochote hapo na jibu halitabadilika, kwa sababu fedha zinatoka mara moja tu, mwaka sifuri, na hakuna cha kurudishwa nyuma. Itakuja kuleta tofauti kwenye mfano wa chimbo huko chini. Nambari ya mwisho, 0.09, ndiyo ile mliyokubaliana kwenye hatua ya kwanza.

Fanya hesabu ya mkono angalau kwa mradi mmoja ulinganishe na kompyuta. Kuna kosa ambalo halionekani kwa macho: seli tupu. Mwaka wa kwanza wa mitamba hauna pato, na mtu huacha seli ya B2 bila kitu. Excel huiruka seli tupu kana kwamba mwaka huo haupo, ikahesabu mradi wa miaka mitatu. Kiwango cha mitamba kinaruka kutoka 17.9 hadi karibu asilimia 24.6, na hakuna onyo lolote kwenye skrini. Andika 0 kwa mkono wako. Sifuri inahesabiwa.

Hatua ya nne: tikisa kiwango mlichokitaja

Kwa kuwa jibu lote limesimama juu ya kiwango cha kuwekeza tena, usikubali kuona kiwango kimoja tu. Rudia fomula kwa chini na kwa juu.

Kiwango kikishuka hadi asilimia 6, samaki wanatoa 14.0 na mitamba 17.5. Kikipanda hadi asilimia 15, samaki wanatoa 19.0 na mitamba 18.8. Ona samaki wanavyoyumba: wamepanda kwa pointi tano, ilhali mitamba imesogea kwa pointi moja na kidogo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya faida ya samaki haitengenezwi ziwani. Inatengenezwa na kile mtakachofanya na fedha baada ya kuvuna. Mitamba hushikilia fedha ndani hadi mwisho, kwa hiyo haitegemei sana ustadi wenu wa kuwekeza tena.

Mahali miradi hii inapolingana ni kiwango cha kuwekeza tena cha takriban asilimia 14.5. Hiyo ndiyo nambari ninayopenda kuipeleka kwenye mkutano, kuliko hata MIRR yenyewe, kwa sababu wanachama wanaweza kuijadili bila kujua hesabu. Swali linakuwa: je, tuna mahali pa uhakika pa kuweka laki sita ikazaa zaidi ya asilimia 14.5 kwa mwaka baada ya kodi? Chama kinachotegemea mfuko wa asilimia 9 kichague mitamba. Chama chenye mkopo wa SACCO wa asilimia 12.7 nacho bado kichague mitamba, ingawa kwa tofauti ndogo. Lakini chama chenye duka la vyakula vya mifugo ambalo kila mwaka hukosa mtaji wa kujaza bidhaa, na ambalo hesabu zake zinaonyesha kila laki inayoongezwa inarudisha asilimia 20, kina haki ya kuchagua samaki.

Kuipata nambari hiyo ya mlingano kwenye kompyuta, chukua tofauti ya miradi mwaka kwa mwaka, samaki kutoa mitamba, uiweke kwenye safu yake, kisha uandike IRR ya safu hiyo. Itakuwa 0, 600000, 250000, -200000, -1000000, na jibu ni hilo 14.5.

Mradi unaodai fedha mwishoni

IRR ina udhaifu wa pili, na huu ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu hutoa majibu mawili kwa swali moja. Hutokea pale fedha zinapotoka, zikaingia, kisha zikatoka tena.

Chimbo la murramu ni mfano mzuri. Chama kinatoa milioni moja kukodi ardhi na mitambo. Mwaka mmoja baadaye, murramu ikishauzwa kwa wajenzi wa barabara, kinabaki na 2,500,000. Mwaka wa pili kinatakiwa kufukia shimo, kusawazisha na kupanda miti, kazi ambayo NEMA ina mamlaka ya kuiamrisha, na inagharimu 1,540,000.

```
C1  -1000000
C2   2500000
C3  -1540000

=IRR(C1:C3)        asilimia 10
=IRR(C1:C3, 0.5)   asilimia 40
```

Nambari ya pili ndani ya mabano ni makisio tu ya kuanzia. Ukiiacha, kompyuta huanza kwa asilimia 10. Majibu yote mawili yanatimiza hesabu ya IRR kikamilifu, na hakuna lililo sahihi kuliko lingine. Mtu anayetaka kuuza mradi anaweza kuonyesha 40 bila kusema uongo wowote wa kihesabu.

Kiwango kilichorekebishwa hutoa jibu moja, kwa sababu hutenganisha pande mbili. Mapato yanapelekwa mwisho kwa kiwango cha kuwekeza tena: 2,500,000 mara 1.09 ni 2,725,000. Gharama zinarudishwa mwanzo. Hapa ndipo nambari ile ya katikati inapoamka, nami nashauri itumike hivi: kama fedha za kufukia shimo zitatengwa kwenye mfuko ule ule wa asilimia 9, tumia 9. Ili mwaka wa pili uwe na 1,540,000, leo ungehitaji kutenga 1,296,187. Ukijumlisha na milioni ya mwanzo, mradi unadai 2,296,187. Gawa 2,725,000 kwa kiasi hicho, tafuta kipeuo cha pili, toa moja: asilimia 8.9.

Yaani mradi ambao kompyuta iliupa 10 au 40 unashindwa na mfuko wa asilimia 9, ingawa kwa nywele tu. Shimo lenyewe ndilo linalokula faida.

Sasa weka 0.13 katikati badala ya 0.09. Jibu linapanda hadi asilimia 11.1. Watu hushangaa: gharama ya fedha imepanda na mradi umependeza zaidi! Ni kwa sababu kiwango kikubwa hupunguza uzito wa deni la mwaka wa pili likirudishwa leo, kana kwamba una mahali pa kutenga fedha za shimo zikazaa asilimia 13. Kama huna mahali hapo, umejidanganya. Kwa hiyo ukiona mradi wenye gharama kubwa ya mwisho, iwe ni chimbo, kubomoa kibanda au kurudisha ardhi ya kukodi, uliza kwanza kiwango cha katikati kilitoka wapi.

Muda usipolingana

MIRR hailinganishi miradi ya miaka tofauti kwa haki mpaka uisaidie. Tuseme mtu analeta biashara ya miaka miwili: laki tano inatoka, laki saba inarudi mwisho wa mwaka wa pili, katikati hakuna kitu. MIRR yake ni asilimia 18.3, juu ya mitamba. Lakini mitamba inashika fedha miaka minne, na baada ya mwaka wa pili ile laki saba itakuwa imerudi kwenye mfuko wa asilimia 9. Ongeza sifuri mbili kwa mwaka wa tatu na wa nne, na fomula itaipeleka hadi mwisho yenyewe. Laki saba inafika 831,670, na kiwango kinashuka hadi asilimia 13.6.

Tena, laki tano si milioni. Nusu nyingine ya fedha za chama ingekaa kwenye mfuko, kwa hiyo ukitaka kulinganisha na mitamba, ongeza laki tano hiyo kwenye mtaji na mavuno yake ya mfuko kwenye mwisho. Asilimia peke yake haijui ukubwa wa mtaji.

Wala haijui hatari. Maji ya ziwa yakijigeuza na oksijeni kupungua, vizimba vinaweza kupoteza samaki wote usiku mmoja, na ugonjwa wa midomo na miguu unaweza kufika Njoro. Hayo yaingizwe kwenye makadirio ya kila mwaka, kwa kupunguza mapato yanayotarajiwa au kuongeza gharama ya bima. Usiyaingize kwa kuchezea kiwango cha kuwekeza tena, maana utachanganya mambo mawili na hutaweza tena kujua jibu limeyumbishwa na lipi.

Jambo la mwisho linawahusu wanaovuna kila mwezi. Ukiweka miezi kwenye safu badala ya miaka, viwango vyote viwili lazima viwe vya mwezi. Asilimia 9 kwa mwaka ni takriban asilimia 0.72 kwa mwezi, si 0.75, kwa sababu riba huzaa riba. Jibu litakalotoka nalo litakuwa la mwezi, na utaligeuza kuwa la mwaka hivi, likiwa kwenye seli ya E1:

```
=(1+E1)^12-1
```